Kukata mkanda wa maandishi chini ya picha: galari ya simu, Word, ImageMagick au jpegtran?

Mkanda ninaouongelea hapa ni ule unaokaa chini kabisa ya picha, wenye tarehe, jina la kijiji, namba za GPS na kijiramani pembeni, au ule mweupe wenye jina la simu na lensi. Huku Mtwara na Lindi umejaa kila kona, maana maafisa ugani, mafundi wa visima na wasimamizi wa ujenzi wa madarasa wote wanapiga picha kwa apu ya GPS ili wakiulizwa kama kweli walifika site wawe na ushahidi, na hilo halina ubaya. Shida inaanza pale picha hiyohiyo inapotakiwa kwenye kalenda au kipeperushi, hapo ndo unaletewa flashi na mtu anakwambia, "Kaka, si unakata tu hapo chini?"

Ndio, unakata tu. Ila kuna njia kama nne watu wanazotumia na hazifanani hata kidogo, moja haikati kabisa bali inaficha, mbili zinakata ila zinaiandika picha upya, na moja inakata bila kugusa kitu kingine chochote. Mi nimezitumia zote kwenye steshenari kwa hiyo naziweka hapa moja baada ya nyingine uone ipi inakufaa.

Kwanza jua mkanda wako ni wa aina gani

Hili watu wanaliruka afu wanakuja kulalamika picha imeharibika. Kuna mkanda ulioongezwa nje ya picha na kuna mkanda uliolala juu ya picha. Ule mweupe wa fremu ya simu mara nyingi umeongezwa, yani simu imechukua picha nzima ikaibandikia kipande chini, ukikikata unabaki na picha yako kama ilivyopigwa bila hasara. Ule wa apu ya GPS mara nyingi umelala juu, mweusi unaoonyesha kidogo kilicho nyuma yake, na ukiukata unakata na kilichokuwa chini yake. Kama chini kulikuwa na vumbi tu hakuna neno. Kama palikuwa na lundo la korosho na mabibo mekundu yameanguka chini ya mti, hayo ndo yanaondoka, na kukropu hakuwezi kuyarudisha.

Utajuaje? Angalia saizi ya picha kwa pikseli (kwenye simu fungua maelezo ya picha, kwenye kompyuta bonyeza kitufe cha kulia uende `Properties` kisha `Details`). Gawanya upande mrefu kwa upande mfupi. Kamera nyingi za simu zinapiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo jibu linatoka 1.33, na ukiwa umeseti picha ndefu ya 16 kwa 9 jibu ni 1.78. Picha ya 4000 kwa 3000 yenye mkanda ndani yake ni 1.33 kamili, maana yake mkanda umelala juu ya picha. Lakini ukikuta picha ya wima ya 3000 kwa 4380 jibu ni 1.46, hiyo saizi kamera haipigi, hapo kuna kitu kimeongezwa, na 4380 ukitoa 4000 unapata 380 ambayo ndo urefu wa mkanda wenyewe. Hesabu hii inafanya kazi hata kama picha imepita WhatsApp ikapunguzwa, kwa sababu WhatsApp ikipunguza inapunguza pande zote kwa uwiano uleule. Hiyo ya 3000 kwa 4380 ikija kama 1096 kwa 1600, we zidisha 1096 kwa 4 ugawanye kwa 3 unapata 1461, kinachobaki hadi 1600 ni mkanda.

Haitasaidia tu kama kuna mtu alishaikata picha kabla yako. Hapo tumia macho: kama kwenye mkanda unaona kivuli cha kitu kinachoendelea kutoka juu, mguu wa mtu au shina la mti, basi umelala juu.

Mfano tutakaoufuata

Chukua picha moja ya folda ya mikorosho, imepigwa Tandahimba, ya mlalo, 4000 kwa 3000, akina mama wanaokota korosho, mkanda wa GPS chini. Nimeifungua kwa Paint nikapeleka kishale pale mkanda unapoanza, Paint inaonyesha namba za mahali kishale kilipo kule chini kushoto, namba ya pili ikasoma 2580. Kwa hiyo mkanda una pikseli 420, na juu yake kuna pikseli 2580 za picha. Paint nimeitumia kupimia tu, sikusevu kitu, maana ukisevu nayo inaiandika JPEG upya.

Kumbuka hiyo 2580, tutairudia.

Galari ya simu

Hii ndo ya watu wengi na kusema kweli kwa picha moja mbili inatosha kabisa. Unafungua picha, `Edit`, `Crop`, unavuta ukingo wa chini hadi juu ya mkanda, unasevu. Kama inang'ang'ania uwiano fulani na kila ukivuta chini na pembeni panasogea, tafuta alama ya uwiano uweke huru. Na ukiona `Save copy` chagua hiyo, picha ya awali ibaki, ile yenye mkanda ni ushahidi wa mtu na kesho anaweza kuulizwa.

Kasoro yake ya kwanza ni kidole. Picha ya pikseli 3000 unaiona kwenye kioo kidogo, kidole kikikosea kidogo tu zinabaki pikseli tatu nne za mkanda, na kwenye simu huzioni kwa sababu galari yenyewe ina mandhari nyeusi. Unakuja kuziona zikishaprintiwa, mstari mwembamba mweusi chini ya picha kama umechorwa na kalamu. Njia ya kujua mapema ni kuifungua picha kwenye mandhari nyeupe, hata ukiituma WhatsApp ikiwa kwenye rangi nyeupe, afu uvute karibu pembe mbili za chini. Ukiuona mstari rudia, panda juu kidogo zaidi. Usiwe bahili wa pikseli kumi, kwenye picha ya 3000 hakuna atakayezikosa.

Ya pili ni kwamba galari ikisevu inaiandika JPEG upya. JPEG ni ya kubana, na kila ikifunguliwa na kubanwa tena kuna kitu kinapotea. Watu mitandaoni wanalitisha sana jambo hili, ila mi nakwambia mara moja huioni kwa macho, hata kwenye A4. Shida ni picha iliyobanwa WhatsApp, ikakropiwa, ikarushwa tena WhatsApp, ikaja kwangu nikaikropu tena. Hapo ndo unaona kingo za nyuso zina vidoti na anga limekuwa vipandevipande. Kwa hiyo kabla ya kulaumu njia ya kukata, omba picha itumwe kama dokyumenti na siyo kama picha.

Ya tatu ni kuchoka. Folda yenye picha mia mbili, kidole kimoja kimoja? Hapana.

Word

Najua, najua. Steshenari nyingi huku kila kitu ni Word, kuanzia barua ya maombi mpaka kadi ya harusi, na kukropu picha ndani ya Word ni rahisi: bonyeza picha, `Picture Format`, `Crop`, vuta chini, basi. Kwenye karatasi inatoka safi kabisa.

Lakini Word haijakata kitu. Imeficha tu. Picha nzima na mkanda wake bado imo ndani ya faili, na ukimtumia mtu hiyo `.docx` akabonyeza `Reset Picture & Size` mkanda unarudi wote na namba zake za GPS. Ukitaka kuhakikisha, chukua nakala ya faili, badilisha jina kutoka `.docx` liwe `.zip`, ifungue, nenda folda ya `word` kisha `media`, utaikuta picha yako imekaa na mkanda wake wote. Kuna dawa: `Picture Format`, `Compress Pictures`, weka tiki kwenye `Delete cropped areas of pictures`, ila humohumo kuna tiki nyingine ya `Apply only to this picture`, itoe kama picha ziko nyingi, la sivyo umesafisha moja tu. Na ukifanya hivyo angalia umechagua ubora gani chini yake, maana sehemu hiyohiyo inaweza kuipunguza picha ikawa ya kutumwa kwa barua pepe tu.

Kwa hiyo Word naikubali kwa kitu kinachotoka kwenye printa na faili haliendi popote. Kama mteja anataka picha yenyewe, au anataka mkanda uondoke kwa sababu unaonyesha shamba la mtu lilipo, Word siyo kabisa.

ImageMagick

Hapa tunaingia kwenye komandi, usiogope, ni mstari mmoja. ImageMagick ni programu ya bure, ipo ya Windows, Linux na Mac, na kazi yake kubwa kwetu ni kupitisha folda nzima kwa mpigo.

```
mkdir safi
magick mogrify -path safi -auto-orient -gravity South -chop 0x424 +repage *.jpg
```

`-gravity South` inasema tunaanzia chini, `-chop 0x424` inasema upana usiguse ila urefu toa pikseli 424. Kwa nini 424 na siyo 420, nitakwambia mbele. Hiyo `-path safi` usiisahau hata kidogo, kwa sababu `mogrify` bila hiyo inaandika juu ya picha zako za awali, na hapo ndo kwaheri ya kuonana. Ubora wa kubana usipoutaja, ImageMagick inakadiria picha ilibanwa kwa kiwango gani ikatumia hichohicho, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika nao.

Uzuri wake ni kwamba inakata kwa namba. Hakuna kidole, picha zote zinatoka sawa. Ubaya wake ni huohuo, inakata kwa namba bila kuangalia. Mkanda wa apu ya GPS haulingani kwenye picha zote, unarefuka kulingana na mistari ya anwani: ukipiga mjini Shangani anwani inakuja ndefu hadi inaenda mstari wa pili, ukipiga shambani kabisa ambako ramani haijui jina la njia inakuja fupi. Ukipima picha ya shambani ukakata folda nzima kwa namba hiyo, zile za mjini zinabaki na nusu mstari wa maandishi chini, herufi zimekatwa miguu. Pima mkanda mrefu kuliko yote kwenye folda, tumia huo kwa wote, utapoteza kidogo kwenye zile nyingine ila hakuna itakayobaki na mabaki.

Na picha za wima na za mlalo usizichanganye, mkanda wa wima urefu wake ni mwingine. Zitenge kwenye folda mbili kwanza. Komandi hii inakupa orodha ya majina, saizi na jinsi kila picha ilivyolala:

```
magick identify -format "%f %w %h %[orientation]\n" *.jpg
```

Neno la mwisho ndo muhimu. Ukiona `TopLeft` au `Undefined` picha iko vile unavyoiona. Ukiona `RightTop` ujue picha imehifadhiwa imelala na simu imeandika kando tu kwamba "ukiionyesha igeuze". Apu zinazochapa maandishi nyingi zinasevu picha ikiwa imeshasimama, lakini siyo zote. Ndo maana nimeweka `-auto-orient` kwenye komandi ya juu, inaisimamisha kwanza ndo chini iwe chini kweli, bila hiyo unaweza kukata ubavu wa picha na mkanda ukabaki umekucheka.

jpegtran

Hii ndo njia ninayoipenda, na wengi hawaijui kabisa. Inakuja pamoja na libjpeg-turbo, kwenye Ubuntu pakeji inaitwa `libjpeg-turbo-progs`, ya Windows ipo pia. Tofauti yake na zote za juu: haiifungui picha ikaibana upya. JPEG ndani yake imehifadhiwa kwa vipande vidogovidogo vya mraba, na jpegtran inavichukua vile vipande unavyovitaka inaviacha visivyotakiwa, pikseli zilizobaki zinakuwa zilezile.

Sasa kukata kwa namna hii kuna sharti. Vipande vyenyewe ni vya pikseli 8 kwa 8, ila picha nyingi za simu zinahifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, kwa hiyo kipande kimoja kizima kinakuwa 16 kwa 16. Ukitaka kukata juu au kushoto lazima uanzie kwenye mpaka wa kipande, ukiweka namba ya katikati jpegtran inasogea yenyewe mpaka kwenye mpaka wa karibu na unabaki na pikseli za ziada. Lakini upande wa chini na wa kulia hauna sharti hilo, kwa sababu JPEG inaruhusiwa kuishia katikati ya kipande. Na mkanda wetu uko wapi? Chini. Yani kwenye kazi zote za kukropu hii ndo iliyobahatika zaidi, unaweza kukata pikseli yoyote unayotaka bila kupoteza ubora hata chembe.

Kwa mfano wetu basi ungeandika `4000x2580+0+0` ukamaliza. Inakubali, mkanda unaondoka. Ila vuta karibu ukingo wa chini uangalie, utaona pikseli chache za mwisho zina ukungu, vidoti vya kijivu na rangi iliyovuja. Hiyo siyo kosa la jpegtran. Apu ilipouchora mkanda ikasevu picha, kile kipande cha 16 ambamo mpaka wa mkanda uliangukia kilibanwa kikiwa na nusu mkanda nusu picha, na kubana kwa JPEG kwenye mpaka mkali hivyo kunarusha taka upande wa pili. Mkanda umeukata, taka zake zimebaki kwenye kipande.

Dawa ni hesabu ya darasa la nne. 2580 gawanya kwa 16 unapata 161 na masalia. 161 mara 16 ni 2576. Kata hapo. Unapoteza pikseli nne tu za picha, na ukingo unatoka msafi kama haujawahi kuwa na mkanda. Ndo maana kule juu niliandika 424: 3000 toa 2576.

```
jpegtran -copy all -crop 4000x2576+0+0 -outfile safi.jpg picha.jpg
```

Folda nzima kwenye Windows, ukiwa ndani ya folda hiyo kwenye dirisha la `cmd` na umeshatengeneza folda ya `safi`:

```
for %f in (*.jpg) do jpegtran -copy all -crop 4000x2576+0+0 -outfile "safi\%f" "%f"
```

Haraka yake inashangaza, hata laptopu ya zamani inamaliza mamia ya picha ukiwa bado unatafuta kikombe cha chai.

Mipaka yake: ni JPEG tu. Skrinishoti za PNG haiwezi, ila PNG haina haja, yenyewe haipotezi ubora ikisevuiwa tena, kata na chochote. Na haina ile akili ya kusimamisha picha, inafanya kazi kwenye picha ilivyohifadhiwa. Picha ya `RightTop` mkanda unaouona chini, ndani ya faili uko kulia, kwa hiyo unapunguza namba ya upana badala ya urefu, na kulia nako hakuna sharti la mpaka kwa hiyo bado umebahatika. Ukikutana na `LeftBottom` mkanda uko kushoto, hapo sharti la 16 linakubana. Mi nikikuta hizo siumizi kichwa, nazipeleka ImageMagick.

Kinachobaki ndani hata baada ya kukata

Hapa galari inazishinda hizi za komandi kwa baadhi ya simu, na ni jambo ambalo mteja hataliona ila litamgharimu. Ile `-copy all` inahamisha maelezo yote ya picha: tarehe, simu, na GPS kama kamera iliandika. Yani umekata mkanda wenye namba za shamba, namba zilezile bado zimo ndani ya faili kwa maandishi. Zaidi ya hapo, ndani ya faili mara nyingi kuna kijipicha kidogo cha kuonyesha haraka, na jpegtran hakigusi. Nimeshaona picha safi kabisa ambayo kwenye folda la kompyuta nyingine inaonekana na mkanda, mtu anabaki kushangaa. Ni kile kijipicha. Ukiwa na programu ya exiftool, na uko ndani ya folda ya `safi`, unaviondoa vyote viwili kwa pamoja:

```
exiftool -gps:all= -ThumbnailImage= *.jpg
```

Inabakisha nakala za awali zenye `_original` mwishoni mwa jina, zifute ukishahakikisha, na usije ukazituma hizo kwa bahati mbaya. Unaweza pia kuweka `-copy none` kwenye jpegtran ukafuta kila kitu, ila hiyo inafuta na ile alama ya kugeuza, na picha za wima zinaweza kutoka zimelala. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida maelezo haya yanaondolewa, ukituma kama dokyumenti yanabaki.

Na kwa wale wanaokropu ili kuficha kitu, siyo urembo tu: mwaka 2023 iligundulika kwamba simu za Google Pixel zilikuwa zikikropu skrinishoti kwa zana yake ya Markup, sehemu iliyokatwa ilikuwa bado imebaki mwishoni mwa faili na inaweza kufufuliwa. Imesharekebishwa Machi mwaka huohuo, na zana ya Windows ya kukatia skrini nayo ilikutwa na tatizo la aina hiyo ikarekebishwa. Skrinishoti zilizokatwa kabla ya hapo bado ziko vilevile zilivyotumwa. Ukiwa na wasiwasi na ya zamani, ifungue uisevu upya kama JPEG.

Umbo la picha baada ya kukata

Picha yetu ya mlalo imetoka 4000 kwa 2576, na hapo kuna neema: karatasi ya picha ya nchi 6 kwa 4 inataka uwiano wa 1.5, na hii ni 1.55. Ukikata pembeni ibaki 3864 kwa 2576 inakaa bila kubakisha nyeupe, umepoteza pikseli 68 kila upande. Yani mkanda wa chini kwenye picha ya mlalo karibu umekusaidia kupata umbo la kuprinti.

Ya wima ndo inauma. 3000 kwa 4000 yenye mkanda wa 700 inabaki 3000 kwa 3300, karibu mraba, na ukitaka 4 kwa 6 lazima ubakishe 2200 tu ya upana. Kama wamesimama watu watano kwenye mstari, wawili wa pembeni wanatoka. Hapo badilisha mpangilio wa kalenda, picha ikae mraba, usikate watu. Ukubwa siyo tatizo, 2200 kwenye upana wa A4 ni kama nukta 266 kwa nchi, inaprinti vizuri. Tatizo ni ile iliyopita WhatsApp, 1600 kwenye urefu wa A4 ni kama 137 tu, kwenye nchi 6 kwa 4 inapita, kwenye kalenda kubwa utaona ukungu.

Basi nichague ipi

Picha chache za kuposti au kuprinti nchi 6 kwa 4: galari, `Save copy`, kagua kwenye nyeupe. Kitu cha karatasi tu na uko ndani ya Word tayari: Word, ila faili lisitoke dukani. Folda yenye mchanganyiko, wima na mlalo, nyingine zimegeuzwa: ImageMagick, na usijilaumu kwa kubana mara moja. Folda ya JPEG za saizi moja, na hasa kama ndo nakala pekee mtu aliyonayo: jpegtran, kwa namba inayogawanyika kwa 16, ikifuatiwa na exiftool kama GPS haitakiwi kutoka.

Kama kwenye mkanda kuna jina la mpiga picha, hiyo ni habari nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa aliyeipiga haki ya kutajwa, kwa hiyo mpigie umuombe isiyo na mkanda, na jina lake liandike kwenye kalenda kwa herufi ndogo. Wengi wanatoa bila hata kinyongo.

Na kama mkanda umelala juu ya kitu unachokihitaji, lile lundo la korosho au miguu ya watu, acha kutafuta njia ya kukata, hakuna. Mrudie aliyepiga. Baadhi ya apu za GPS zina sehemu ya kuseti ihifadhi na picha asili pembeni ya ile yenye maandishi, na mara nyingine mwenye simu hajui kama anazo, zimekaa kwenye folda nyingine ya galari. Mwambie atafute huko kwanza, na kama hazipo aiwashe hiyo setingi kabla ya msimu ujao.